Shilingi ya Serikali Hupita Mikono Mingapi?

Mwaka 1929 Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja wasio na kazi. David Lloyd George, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa akiongoza chama cha Liberali, aliingia kwenye uchaguzi wa mwaka ule na ahadi nzito: serikali ikope, ijenge barabara na nyumba, isambaze simu na umeme, na watu warudi kazini. Wizara ya Fedha ilimpinga. Hoja yake, ambayo Winston Churchill aliitetea bungeni akiwa waziri wa fedha, ilikuwa nyepesi kuielewa: kila pauni itakayokopwa na serikali ni pauni iliyoondolewa kwa mfanyabiashara ambaye naye angeitumia. Ajira zitahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, lakini hazitaongezeka.

Wachumi John Maynard Keynes na Hubert Henderson waliandika kijitabu cha kumtetea Lloyd George. Walieleza kwamba, mbali na watakaoajiriwa barabarani na watakaotengeneza saruji na vifaa, wako wengine watakaopata kazi kwa sababu wale wa kwanza watakuwa na mishahara ya kutumia madukani. Lakini ni wengine wangapi? Hapo walikwama, na walikiri kwamba athari hiyo haikuwa rahisi kupimika.

Aliyeipima ni Richard Kahn, kijana wa miaka 25 wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika makala aliyoitoa Juni 1931. Keynes akaichukua hesabu hiyo na kuiweka katikati ya kitabu chake kikuu cha mwaka 1936, na tangu hapo wanafunzi wa uchumi duniani kote wameifahamu kama kizidishi: idadi inayoonyesha pato la nchi litaongezeka kwa shilingi ngapi serikali ikiongeza matumizi yake kwa shilingi moja.

Ugumu wa swali la Kahn ulikuwa huu. Ikiwa mshahara wa mjenzi unakuwa pato la mwenye duka, na la mwenye duka linakuwa la mkulima, kwa nini mnyororo huo usiendelee milele? Pauni moja ingetosha kuajiri nchi nzima. Haiendelei kwa sababu katika kila mkono sehemu ya fedha inatoka kwenye mzunguko. Wachumi huziita sehemu hizo mivujo, na ziko tatu: akiba, kodi, na bidhaa zinazonunuliwa kutoka nje. Anayejua ukubwa wa mivujo hiyo mitatu anaweza kukokotoa kizidishi mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na hilo ndilo tutakalolifanya hapa, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: uchumi uliofungwa usio na kodi

Tuanze na nchi ya mfano isiyouza wala kununua chochote nje ya mipaka yake. Wachumi huiita nchi ya namna hiyo uchumi uliofungwa. Kwa sasa tuseme pia haina kodi. Kila kinachozalishwa humo kinanunuliwa na mmoja kati ya watatu: kaya zinazonunua mahitaji yao (C), wenye biashara wanaowekeza katika mashine na majengo (I), au serikali (G). Na kwa kuwa malipo ya mnunuzi ni pato la muuzaji, jumla ya manunuzi yote ndiyo pato la taifa (Y):

```
Y = C + I + G
```

Sasa tuitazame kaya. Ikipata shilingi 100 zaidi, haitumii zote. Tuseme inatumia 80 na kuweka 20. Sehemu inayotumiwa katika kila shilingi ya nyongeza tuipe herufi c, na hapa ni 0.8. Kuna pia matumizi ambayo kaya haiwezi kuyaepuka hata pato likishuka sana, tuyaite a. Matumizi ya kaya zote basi ni:

```
C = a + cY
```

Serikali inaamua kujenga barabara ya shilingi bilioni 100. Katika mzunguko wa kwanza bilioni 100 zinaingia mikononi mwa wahandisi, mafundi wa zege, madereva wa malori na wenye machimbo ya kokoto. Wote hao ni wakazi wa nchi ile, kwa hiyo pato la taifa limeshapanda kwa 100. Wao wanatumia 80: wanakula kwa mama lishe, wanalipa kodi ya nyumba, wanashonesha sare za watoto. Hizo 80 ni pato jipya la watu wengine, ambao nao wanatumia asilimia 80 yake, yaani 64. Mzunguko unaofuata ni 51.2, na kuendelea, kila mmoja ukiwa mdogo kuliko uliotangulia.

Jumla ya mizunguko yote inapatikana bila kuijumlisha mmoja mmoja. Iite S. Ukizidisha S kwa 0.8 unapata mfuatano uleule bila namba ya kwanza, kwa hiyo ukitoa wa pili kutoka wa kwanza, kila kitu kinafutika isipokuwa ile 100:

```
S       = 100 + 80 + 64 + 51.2 + ...
0.8 S   =       80 + 64 + 51.2 + ...
0.2 S   = 100
S       = 500
```

Jibu hilohilo linapatikana kwa njia ya mlinganyo. Weka C mahali pake, kisha kusanya kila chenye Y upande mmoja:

```
Y = a + cY + I + G
Y - cY = a + I + G
Y = (a + I + G) / (1 - c)
```

Ikiwa a na I hazibadiliki, kila shilingi inayoongezwa kwenye G inaongeza Y kwa 1 gawanya kwa (1 - c). Kwa c ya 0.8 kizidishi ni 5.

Kabla ya kuondoka hapa, tuulize zile bilioni 100 za mwanzo ziko wapi sasa. Pato limepanda kwa 500, na asilimia 20 ya pato hilo imewekwa akiba. Asilimia 20 ya 500 ni 100. Mizunguko imekoma pale ambapo akiba mpya imekuwa sawasawa na fedha iliyomwagwa. Tutalirudia jaribio hili katika kila hatua, kwa sababu ndilo linalotuonyesha kama hesabu yetu ni sahihi.

Hatua ya pili: mtoza kodi anaingia

Tuseme sasa serikali inachukua robo ya kila pato. Kiwango hicho tukiite t, kwa hiyo t ni 0.25. Kaya haiwezi tena kutumia asilimia 80 ya pato lake lote. Inatumia asilimia 80 ya kile kinachobaki baada ya kodi:

```
C = a + c(Y - tY) = a + c(1 - t)Y
```

Katika kila shilingi 100 anazopata fundi, 25 zinakwenda kwa mtoza kodi. Zinabaki 75, na asilimia 80 ya 75 ni 60. Kwa hiyo mizunguko yetu inakuwa 100, 60, 36, 21.6, na kuendelea. Mlinganyo unasema vilevile:

```
Y = (a + I + G) / (1 - c(1 - t))
kizidishi = 1 / (1 - 0.6) = 2.5
```

Kizidishi kimeshuka kutoka 5 hadi 2.5 kwa kuongeza kodi peke yake.

Wanafunzi wengi huteleza hapa. Wanachukua 0.8, wanaondoa 0.25, wanapata 0.55, na jibu lao linakuwa 2.22. Kosa lao ni kudhani kwamba shilingi 25 zilizochukuliwa na kodi zote zingetumika madukani. Sivyo. Katika 25 hizo kaya ingetumia 20 tu, na 5 zingekwenda kwenye akiba hata kama kodi isingekuwapo. Kodi inapunguza matumizi, lakini inapunguza akiba pia. Ndiyo maana tunazidisha c kwa (1 - t) badala ya kutoa moja kwa nyingine.

Tufanye jaribio letu. Pato limepanda kwa 250. Kodi imechukua robo, yaani 62.5. Zimebaki mikononi mwa kaya 187.5, na asilimia 20 yake iliyowekwa akiba ni 37.5. Jumlisha 62.5 na 37.5, unapata 100.

Hatua ya tatu: tunafungua mlango wa forodha

Kwa maana kamili ya neno, uchumi uliofungwa hauna bidhaa za nje. Tunapoingiza mvujo wa tatu tunaufungua, ila tunaufungua mlango mmoja tu. Watu wa nchi yetu sasa wanaweza kununua vitu vya nje, lakini mauzo yetu kwa mataifa mengine (X) tunayaacha yalivyo, kwa kuwa yanategemea pato la wageni wanaonunua kwetu na wala si pato letu. Kwa nchi ndogo dhana hiyo inakaribia ukweli. Kwa majirani wanaouziana sana si ukweli mtupu: Kenya ikitumia zaidi na kununua mahindi zaidi kutoka Tanzania, kilichovuja Kenya kimekuwa pato la mkulima wa Tanzania, na sehemu yake inaweza kurudi Kenya kwa njia ya sabuni na mafuta ya kupikia.

Mlinganyo wa pato sasa ni huu, ambapo M ni bidhaa na huduma kutoka nje:

```
Y = C + I + G + X - M
```

Kwa nini M inaondolewa? Si kwa sababu kununua nje ni kosa. Inaondolewa kwa sababu C, I na G zimeshahesabu kila kilichonunuliwa, pamoja na simu iliyotengenezwa Uchina na mafuta ya dizeli kutoka Ghuba. Vitu hivyo vimelipiwa hapa lakini havikuzalishwa hapa. Tukitaka pato la watu wetu ni lazima tuviondoe.

Tuseme katika kila shilingi 100 za pato la nyongeza, 20 zinaishia kwenye bidhaa za nje. Kiwango hicho ni m, na ni 0.2:

```
M = mY
```

Tuweke kila kitu mahali pake na kukusanya Y upande mmoja:

```
Y = a + c(1 - t)Y + I + G + X - mY
Y - c(1 - t)Y + mY = a + I + G + X
Y = (a + I + G + X) / (1 - c(1 - t) + m)
```

Kizidishi chetu kamili ni:

```
k = 1 / (1 - c(1 - t) + m)
k = 1 / (1 - 0.6 + 0.2) = 1 / 0.6 = 1.67
```

Katika mizunguko, fundi anayepata 100 analipa kodi 25, anaweka akiba 15, na anatumia 60. Lakini kati ya 60 hizo, 20 zinavuka mpaka, na 40 ndizo zinazobaki kuwa pato la Mtanzania, Mkenya au mwananchi mwingine yeyote wa nchi husika. Mfuatano unakuwa 100, 40, 16, 6.4, 2.56. Kufikia mzunguko wa tano hakuna kikubwa kilichobaki, na jumla yake yote ni bilioni 166.7.

Jaribio la mwisho ndilo lenye mafunzo zaidi. Pato limepanda kwa 166.7. Kodi imechukua robo, yaani 41.7. Bidhaa za nje zimechukua asilimia 20, yaani 33.3. Kaya zimebaki na 125 baada ya kodi, na akiba yake ni 25. Jumlisha 41.7 na 33.3 na 25, unarudi kwenye bilioni 100 zilezile.

Ulinganifu huu haukutokea kwa bahati. James Meade, mchumi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1977, alimwonyesha Kahn kwamba gharama ya mradi lazima iwe sawa na jumla ya mivujo yote, na katika makala ya 1931 Kahn aliuita uhusiano wa bwana Meade. Pato huendelea kupanda hadi mivujo iwe mikubwa kiasi cha kumeza fedha yote iliyomwagwa, kisha husimama. Mivujo ikiwa midogo, pato linahitaji kupanda sana kabla ya kufika hapo. Ikiwa mikubwa, linafika mapema. Kizidishi hakina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Mradi hujilipia wenyewe?

Hesabu ya mivujo inatupa pia jibu la madai yanayosikika kila msimu wa bajeti, kwamba mradi mkubwa utajilipia kwa kodi utakazozalisha. Katika nchi yetu ya mfano serikali ilitumia 100 na ikarudishiwa kodi ya 41.7. Nakisi yake imeongezeka kwa 58.3, si kwa 100. Hilo ni jambo la maana, na waziri anayelisema hadanganyi. Lakini kujilipia kabisa ni suala jingine. Ili kodi irudishe shilingi yote, kizidishi mara t lazima kiwe 1, na kwa t ya 0.25 kizidishi kingepaswa kuwa 4. Kwa mivujo tuliyoitaja hakifiki hata nusu ya hapo. Na Tanzania na Kenya hukusanya kodi ambayo kwa jumla ni chini ya robo ya pato la taifa, kwa hiyo kinachorudi ni kidogo zaidi.

Hapa tunazungumzia kodi inayotokana na ujenzi wenyewe. Barabara iliyokamilika inaweza kupunguza nauli, kuokoa nyanya zisioze njiani na kuongeza uzalishaji kwa miaka mingi. Faida hizo ni za kweli, ila hazimo ndani ya kizidishi, na anayezichanganya anahesabu mara mbili.

Kwa nini vitabu viwili vina majibu tofauti

Msomaji akifungua vitabu vya shule na vyuo atakuta kanuni nyingine isiyofanana na yetu:

```
k = 1 / (1 - (c - m)(1 - t))
```

Hakuna kitabu kilichokosea. Tofauti iko kwenye dhana ya nani ananunua nje. Sisi tumesema bidhaa za nje zinafuata pato lote la nchi, M = mY. Mwandishi mwingine anasema zinafuata kile kinachobaki mkononi baada ya kodi, M = m(1 - t)Y. Kwa namba zetu kanuni ya pili inatoa 1 gawanya kwa 0.55, yaani 1.82. Mvujo wake wa nje ni mdogo kwa kuwa m inapigwa kwenye pato dogo zaidi. Mtahiniwa anayekumbuka kanuni bila kusoma sentensi inayoeleza M atapoteza alama, na mchambuzi wa bajeti anayefanya hivyo atatoa ushauri mbaya.

Mzunguko wa kwanza ndio wenye uzito

Mpaka hapa tumedhani kwamba bilioni 100 zote za mwanzo ziliingia mikononi mwa wenyeji. Kwa barabara ya changarawe inayojengwa kwa mikono, dhana hiyo si mbali na ukweli. Kwa reli ya kisasa ni mbali sana.

Chukua reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017. Fedha nyingi za ujenzi zilikuwa mikopo kutoka Benki ya Exim ya Uchina, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Uchina. Lengo lililotangazwa wakati wa ujenzi lilikuwa asilimia 40 ya mahitaji ya mradi yapatikane ndani ya Kenya. Lisome lengo hilo kwa macho ya kizidishi. Hata likitimia lote, shilingi 60 katika kila 100 zinakuwa zimeshavuka mpaka kabla ya fundi wa kwanza kulipwa: zimekwenda kwenye vichwa vya treni, vyuma vya reli, mitambo na mishahara ya wataalamu wa nje.

Mvujo huu hauonekani kwenye m, kwa sababu m inaeleza jinsi wenyeji wanavyotumia pato lao. Huu unatokea mapema zaidi, ndani ya G yenyewe. Ikiwa sehemu ya mradi inayonunuliwa ndani tunaiita h, basi kinachoingia kwenye mzunguko wa kwanza si G yote bali h mara G, na kizidishi cha mradi kinakuwa h mara k. Tuchukue k ile ya nchi yetu ya mfano, 1.67. Mradi unaonunua kila kitu ndani unaongeza pato kwa 1.67 kwa kila shilingi. Unaonunua ndani asilimia 60 unaongeza shilingi 1 kamili. Unaonunua ndani asilimia 40 unaongeza senti 67, yaani chini ya kile kilichotumika.

Namba hizo ni za mfano wetu, si kipimo cha uchumi wa Kenya. Lakini mpangilio wake unabaki vilevile hata ukibadilisha c, t na m. Na pale mradi unapojengwa kwa mkopo wa nje, yale malipo ya vifaa hayakupita kabisa kwenye maduka ya nyumbani, ilhali deni lote limebaki nyumbani. Ndiyo maana mvutano juu ya saruji, nondo na kokoto zinunuliwe wapi si ugomvi wa wafanyabiashara tu. Kila asilimia 10 ya mradi inayohamishiwa kwa wazalishaji wa ndani inaongeza pato, kwa namba zetu, kwa senti 17 katika kila shilingi ya mradi. Kupata ongezeko kama hilo kwa kubadilisha tabia za matumizi za mamilioni ya kaya ni kazi ngumu zaidi.

Tahadhari moja ni lazima. Nondo iliyokunjwa nyumbani kutokana na chuma ghafi cha nje ni ya ndani kwa sehemu tu. Anayetaka h ya kweli anapaswa kufuata ankara hadi kwa mtoa malighafi, asiishie kwenye anwani ya kiwanda.

Mipaka ya kanuni

Kanuni yetu imekaa juu ya dhana moja kubwa ambayo haionekani ndani ya herufi zake: kwamba kuna watu na mitambo isiyo na kazi. Kahn aliandika wakati viwanda vya Uingereza vilikuwa vimelala, hivyo matumizi mapya yaliita uzalishaji mpya. Mafundi wote wakiwa kazini tayari na viwanda vya saruji vikifanya kazi usiku na mchana, bilioni 100 za serikali hazitaleta saruji zaidi. Zitapandisha bei ya saruji iliyopo, na anayejenga nyumba yake Kibaha ataahirisha. Hapo hoja ya Wizara ya Fedha ya 1929 inapata nguvu. Dalili ya kuitazama ni bei: zikipanda kwa kasi huku uzalishaji ukisimama, kizidishi kimeishia kwenye mfumuko.

Dhana ya pili ni kwamba I haibadiliki. Serikali ikikopa sana kwenye mabenki ya ndani riba inaweza kupanda, na wenye biashara wakapunguza uwekezaji. Kiasi kinachopungua kwenye I kinafuta sehemu ya kilichoongezwa kwenye G.

Vipimo vya dunia halisi vinakubaliana na mwelekeo wa hesabu hii. Ethan Ilzetzki, Enrique Mendoza na Carlos Végh walichunguza nchi 44 katika utafiti waliouchapisha 2013. Walikuta kizidishi ni kikubwa zaidi katika chumi zisizo wazi sana kwa biashara ya nje, jambo ambalo m yetu inalitabiri. Walikuta pia kwamba katika nchi zenye deni kubwa kizidishi kinakaribia sifuri au hata kushuka chini yake, jambo ambalo kanuni yetu pekee isingelitabiri.

Kukosea namba hii kuna gharama. Mwaka 2013 Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na mwenzake Daniel Leigh, walionyesha kwamba watabiri wa chumi za Ulaya mwanzoni mwa msukosuko wa madeni walikuwa wametumia vizidishi vidogo mno. Kizidishi hufanya kazi pande zote mbili: serikali ikipunguza matumizi, mizunguko ileile inarudi nyuma. Kwa kuwa watabiri walidhani kizidishi ni kidogo, waliona kubana bajeti kutaumiza kidogo. Kuliumiza zaidi ya walivyotabiri. Waliligundua kosa kwa njia ambayo yeyote anaweza kuielewa: nchi zilizobana zaidi ndizo zilizoanguka chini zaidi ya utabiri wao.

Maswali ya kubeba kwenye bajeti

Kila Juni, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husimama bungeni na kusoma matrilioni. Namba kubwa peke yake haikuambii mradi utafanya nini kwenye mfuko wa watu. Uliza kwanza: katika kila shilingi 100 za mradi huu, ngapi zitalipwa kwa watu na viwanda vya hapa? Kisha uliza: je, kuna mafundi na viwanda vinavyosubiri kazi, au tutagombania vilivyopo? Na mwisho: fedha inatoka wapi, na nani atakosa mkopo kwa sababu serikali imeuchukua?

Waziri, mbunge au mwandishi wa habari anayedai kwamba mradi utachochea uchumi ana wajibu wa kujibu swali la kwanza kwa namba. Asipokuwa nayo, hana msingi wa dai lake, na wananchi wanaolipa deni wana haki ya kumtaka aende kuitafuta kabla mkataba haujasainiwa.